Wali bokoboko au wenye kiini: kutafuta chanzo katika maji na moto

Malalamiko kuhusu wali ni machache na hujirudia: umekuwa bokoboko, umebaki na kiini, umeungua chini huku juu ukiwa mbichi, au ulitoka vizuri kisha ukawa mgumu ulipopoa. Kila anayelalamika huuliza kwanza kipimo cha maji, na kwa kawaida hujibiwa kwa tarakimu moja, mathalani kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya maji. Jibu hilo ndilo linalozaa sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa hapa, kwa sababu maji yanayotiwa sufuriani hayafanyi kazi moja.

Maji hayo hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza huingia ndani ya punje, na hilo hufuata kiasi cha mchele: kikombe kimoja cha mchele mkavu hunywa takribani kikombe kimoja cha maji hadi kuiva bila kulainika kupita kiasi. Fungu la pili hutoka kama mvuke, na hilo halitegemei wingi wa mchele bali upana wa sufuria, ubanaji wa mfuniko, ukali wa moto na muda wa kupika. Moto ndio unaoamua kama maji yatawahi kufika katikati ya punje au yatakimbilia nje kabla ya kufika. Wanga wa mchele huanza kunywa maji na kuvimba katika joto la nyuzi 60 hadi 80 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hakuna haja ya maji kuchemka kwa fujo ili punje iive. Kinachohitajika ni joto la kutosha, maji ya kutosha na muda wa vyote viwili kupenya.

Kabla ya kurekebisha chochote, chunguza. Chukua punje chache kutoka juu, chache kutoka katikati na chache kutoka karibu na chini, bila kukoroga. Weka punje moja kwenye sahani na uibonyeze kwa kidole gumba. Iliyoiva husagika yote kwa ulaini mmoja. Isiyoiva hubakiza katikati kidoa cheupe kama chokaa ambacho hukataa kusagika. Iliyozidi maji huwa imetanuka ncha zote mbili na kushikamana na kidole kama gundi. Kisha linganisha sehemu tatu: ikiwa zote zinafanana, tafuta kosa kwenye maji, ikiwa zinatofautiana, tafuta kosa kwenye moto. Mgawanyo huu si kamilifu, lakini humwelekeza mtu mahali sahihi mara nyingi sana.

Wali wote ni bokoboko, juu hadi chini

Sababu inayoongoza ni kuzidisha kipimo cha maji sambamba na mchele. Tuchukue mfano wa mtu aliyezoea kupika vikombe 2 vya mchele kwa vikombe 3 vya maji, na wali wake huchambuka vizuri. Kwa hesabu ya mafungu mawili, vikombe 2 vya maji vimeingia kwenye mchele na kikombe 1 kimetoka kama mvuke. Siku ya wageni anapika kilo 2, ambazo ni kama vikombe 10 vya mililita 250. Anafuata uwiano wake wa kila siku na kutia vikombe 15 vya maji. Mchele unanywa vikombe 10. Sufuria ni kubwa zaidi na mapishi yanachukua muda mrefu kidogo, hivyo mvuke unaopotea si kikombe 1 tena, bali tuseme vikombe 2 hadi 2 na nusu. Maji aliyohitaji ni vikombe 12 au 12 na nusu. Yaliyobaki, zaidi ya vikombe viwili, hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya punje, na punje zikishavimba kupita uwezo wake hupasuka na kumwaga wanga unaozigandisha pamoja.

Kinyume chake pia ni kweli. Anayetoka kwenye mapishi ya wengi na kurudi kupika kikombe kimoja kwa uwiano ule ule mdogo atapata wali mgumu, kwa kuwa sufuria inadai mvuke wake ule ule hata mchele ukiwa kidogo.

Hivyo basi, badala ya kukariri uwiano, tafuta maji ya mvuke ya sufuria yako. Siku wali ukitoka unavyoutaka, andika ulitia vikombe vingapi vya maji, toa idadi ya vikombe vya mchele, na kinachobaki ndicho sufuria hiyo inachopoteza kwenye jiko hilo na kwa mfuniko huo. Safari nyingine, kwa sufuria ile ile, jumlisha idadi hiyo na vikombe vya mchele utakaopika. Ukihamia sufuria pana zaidi, ongeza kidogo, usizidishe. Tumia kikombe kimoja kupimia vyote viwili, kwa sababu kupima mchele kwa kopo na maji kwa bilauri huharibu hesabu kabla ya moto kuwashwa.

Sababu ya pili ni maji yasiyohesabiwa. Mchele uliooshwa na kutiwa sufuriani ukiwa unachuruzika unabeba maji mengi kati ya punje zake. Mchele uliolowekwa nusu saa umeshakunywa sehemu ya fungu lake la kwanza. Nyanya zilizosagwa, mboga mbichi na mchuzi wa nyama navyo ni maji. Uchuje mchele kwenye chujio mpaka uache kudondosha, na ikiwa uliuloweka, punguza kama robo kikombe cha maji kwa kila kikombe cha mchele, kisha rekebisha kutokana na matokeo.

Sababu ya tatu ni mchele wenyewe. Mchele mpya, uliovunwa na kukobolewa karibuni, hulainika na kunata haraka kuliko uliokaa ghalani miezi kadhaa, na hilo ndilo linalowashangaza wanaobadilisha gunia baada ya mavuno bila kubadilisha kipimo. Mchele wenye chenga nyingi nao huelekea huko, kwa kuwa vipande vidogo huiva mapema na kuachia wanga wakati punje nzima bado zinapika. Pepeta na utoe chenga kadiri uwezavyo, uoshe mchele mpaka maji ya mwisho yawe na ukungu mwepesi tu, na upunguze maji ya kupikia kwa kiasi kidogo. Chenga hazina haja ya kutupwa. Zinafaa kwa uji na vitumbua.

Kuhusu kuuokoa wali ambao tayari ni bokoboko, lazima tuseme wazi kwamba punje iliyopasuka hairudi kuwa nzima. Kinachowezekana ni kutoa maji ambayo bado yako nje ya punje. Ondoa mfuniko, weka sufuria kwenye moto mdogo sana kwa dakika tano au zaidi, kisha umwage wali kwenye sinia pana na uuache utoe mvuke bila kuukandamiza. Usikoroge. Kila mwiko unaopita huvunja punje nyingine na kuongeza gundi ile unayoikimbia.

Punje zina kiini, na maji yameisha

Hapa watu wengi huhitimisha kwamba maji yalikuwa machache. Mara nyingi sivyo. Maji yalitosha, ila moto uliyatoa haraka. Dalili za moto uliozidi ni mvuke mwingi unaopuliza pembeni mwa mfuniko, mfuniko unaorukaruka, na ukoko mgumu uliojishika chini ilhali punje za katikati bado zina kidoa cheupe. Sufuria ya bati jembamba iliyowekwa juu ya jiko la mkaa lililojaa hadi pomoni itafanya hivyo hata kwa kipimo sahihi kabisa.

Ukaguzi wa kwanza ni wa mfuniko. Weka kiganja karibu na ukingo wa sufuria, si juu ya mvuke wenyewe, na uone unatokea upande gani. Mfuniko uliopinda au usio wa sufuria hiyo unaweza kuvujisha kiasi kinachobadilisha matokeo kabisa. Funika kwanza kwa jani la mgomba lililopashwa moto kidogo ili lisipasuke, au kwa kitambaa safi cha pamba ambacho ncha zake zimekunjwa juu ya mfuniko ili zisiguse moto. Wapo wanaofunika wali kwa mfuko wa nailoni chini ya mfuniko. Ninawasihi waache: mifuko ya kawaida haikutengenezwa kukaa juu ya chakula chenye mvuke mkali, hulainika na huweza kuachia kemikali kwenye wali, na jani la mgomba hufanya kazi ile ile vizuri zaidi.

Ukaguzi wa pili ni wa wakati wa kupunguza moto. Maji yakishuka hadi usawa wa mchele na vitundu vikaanza kuonekana juu, huo ndio wakati. Kwenye gesi, rudisha moto hadi mdogo kabisa. Kwenye mkaa, toa makaa mengi na uyafunike kwa majivu yale yaliyobaki jikoni ili joto lipande polepole. Funika na uache dakika 12 hadi 15 bila kufunua, kisha uepue na uuache mfuniko juu kwa dakika 10 nyingine. Dakika hizo za mwisho hazina moto, lakini ndizo zinazosawazisha unyevu kati ya punje za juu na za chini, na anayezikatisha huona kiini ambacho kingeisha chenyewe.

Zikiwa hizi zote ziko sawa, ndipo maji yalikuwa machache kweli, au mchele ni wa zamani sana na unadai zaidi. Kwa wali wa nazi kuna jambo la ziada. Tui zito si maji matupu. Lina mafuta na chembe za nazi, kwa hiyo kikombe cha tui zito kina maji pungufu ya kikombe. Ukipikia tui zito peke yake tangu mwanzo, mchele hukosa maji na tui hushika chini. Anza na tui jepesi kwa kipimo cha maji, kisha utie tui zito wakati maji yanakaribia kukauka.

Sababu ya mwisho ni mahali ulipo. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini joto hilo hupungua takribani nyuzi 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Mbeya, iliyo karibu mita 1,700, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Sufuria inatokota, lakini si joto lile la pwani, na punje huhitaji muda mrefu zaidi. Katika muda huo mvuke nao unaendelea kutoka. Aliyehama kutoka Tanga kwenda Njombe na kuendelea na kipimo chake atapata kiini. Dawa si kuongeza moto, kwa sababu maji yanayochemka hayapandi joto kwa kuchochewa. Dawa ni kubana mfuniko, kuongeza maji kidogo na kuongeza dakika kadhaa za moto mdogo.

Wali wenye kiini unaokolewa kwa urahisi kuliko bokoboko. Toboa vishimo vichache kwa mpini wa mwiko, nyunyiza maji yanayochemka, kama robo kikombe kwa vikombe 4 vya mchele, funika vizuri na urudishe kwenye moto mdogo kwa dakika 8 hadi 10. Maji yawe ya moto. Ya baridi hushusha joto la sufuria nzima, na punje za juu hulowa nje bila kuiva ndani.

Chini umeungua, juu mbichi

Hili ni tatizo la joto linalotoka upande mmoja, na huwakumba hasa wanaopika kingi. Katika sufuria ya vikombe 2 mchele uliopikwa una kina cha sentimita chache, na mvuke wa chini hufika juu ukiwa bado na nguvu. Katika sufuria ya kilo 5 kina ni kirefu, chini hukauka na kuungua wakati tabaka la juu halijapata joto la kutosha, na katikati mara nyingi hukusanya maji na kuwa bokoboko. Sehemu tatu, hali tatu, katika sufuria moja.

Wapishi wa pwani walilitatua hili kwa kupalia. Maji yakishakauka, makaa mengi hutolewa chini, machache yakabaki, na yale mekundu huwekwa juu ya mfuniko bapa wa bati, yametawanywa pembezoni zaidi kuliko katikati. Joto linashuka huku jingine likipanda, na tabaka la juu linaiva kwa mvuke wake lenyewe. Kosa la kawaida ni kupalia mapema, maji yangali juu ya mchele, jambo linalofanya wali utokote pande zote na kulainika. Kosa jingine ni kuyaacha makaa ya chini yakiwa mengi. Kupalia ni kuhamisha moto, si kuuongeza.

Kwenye gesi, weka chuma cha chapati juu ya jiko na sufuria juu yake baada ya maji kukauka. Chuma hutawanya mwali unaochoma mahali pamoja. Ikiwa dalili ya kuungua ni duara jeusi katikati tu huku pembeni kukiwa na rangi ya kawaida, tiba hiyo pekee mara nyingi inatosha. Na wali ukishaanza kunuka moshi, usikwangue chini wala usitie maji: hamisha sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine, acha ukoko ulipo, na umalizie kuiva huko.

Kwa wanaotumia sufuria ya umeme ya kupikia wali, hali ni tofauti kidogo. Chombo hicho hujizima joto la chini linapopanda kupita nyuzi 100, yaani maji yanapokuwa yameisha. Punje moja iliyoangukia kati ya sahani ya joto na bakuli la ndani, au bakuli lililobonyea, huvuruga kipimo hicho, na chombo hujizima mapema au huchelewa. Chomoa waya, subiri kipoe, futa sahani na chini ya bakuli, kisha ujaribu tena. Kikiendelea kujizima kabla ya wakati, kikinuka waya unaoungua au kikikupiga shoti, usikifungue mwenyewe. Mpelekee fundi wa umeme.

Nje umepasuka, ndani una kiini

Hali hii inaonekana kama kitendawili, kwa kuwa punje ile ile imezidi na kupungua. Husababishwa kwanza na kuchemsha kwa fujo na kukoroga: ngozi ya punje huvurugika na kuachia wanga mapema, na uji huo mzito hupunguza mwendo wa maji kwenda ndani. Koroga mara moja tu, mchele unapotiwa, kisha uache. Lakini ikiwa baadhi ya punje zimepasuka kabisa na nyingine ni ngumu kabisa, huenda umeuziwa mchele uliochanganywa. Mwaga konzi moja kwenye sahani nyeusi na utazame urefu, unene na uangavu wa punje. Pishori ya Mwea, ambayo ni basmati, ina punje ndefu na nyembamba, na ikichanganywa na punje fupi nene kila moja itadai maji na muda wake. Hakuna kipimo kitakachoziridhisha zote mbili. Kuloweka kwa nusu saa hupunguza tofauti, lakini haiiondoi.

Pale ambapo jiko ndilo lenye hitilafu

Moto wa gesi unaotakiwa ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi meusi chini ya sufuria, haupiki sawasawa na hewa yake si salama. Safisha vitundu vya jiko likiwa limezimwa na limepoa, na rangi isipobadilika mwite fundi wa gesi. Ukinusa gesi, funga vali ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka nje na umwite fundi. Usijaribu kumalizia wali kwanza.

Jiko la mkaa halipaswi kuwashwa wala kuachwa na makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa zile dakika chache za kupalia. Makaa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu kikija kwa mpishi au kwa walio chumbani, wote watoke nje mara moja na wapelekwe hospitali.

Ulitoka vizuri, ukawa mgumu ulipopoa

Hapa hakuna kosa la kupika. Wanga uliovimba ukipoa hujipanga upya na kukaza, na mchele wa punje ndefu zinazochambuka hukaza zaidi kuliko ule unaonata. Ugumu huu huisha kwa joto na mvuke: nyunyiza vijiko viwili au vitatu vya maji kwa kila sahani ya wali, funika, na upashe kwa moto mdogo mpaka mvuke utoke katikati.

Hata hivyo, kabla ya kupasha uliza wali ulilala wapi. Mchele hubeba vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa saa nyingi kwenye joto la kawaida la chumba huzaliana na kutoa sumu isiyoharibiwa kwa kupasha tena. Wali uliokusudiwa kuliwa kesho utandazwe upoe upesi na uwekwe kwenye jokofu ndani ya saa moja au mbili. Uliolala jikoni usiku kucha utupwe, hata kama haunuki. Na mtu aliyekula wali wa namna hiyo akatapika au kuharisha mfululizo, hasa mtoto mdogo au mzee, apelekwe kituo cha afya badala ya kutibiwa nyumbani.